Dakika Kumi za Mwenyekiti

Anayefuatilia vikao vya Bunge la Tanzania anaijua ile kengele. Mchangiaji yuko katikati ya hoja yake, kengele inalia, naye anaharakisha kusema anaunga mkono hoja kisha anakaa. Kumbukumbu Rasmi za Bunge huandika hata hilo, kwamba kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Kwenye mahafali ya shule hakuna kengele. Kuna mshereheshaji anayesogea taratibu kuelekea kipaza sauti, kuna mgeni rasmi anayetazama saa yake kwa kificho, na kuna wapishi wanaofunua masufuria kuangalia kama pilau bado ina moto.

Tumchukue mwenyekiti wa bodi ya shule ya sekondari, mwalimu mstaafu, ambaye ratiba ya mahafali ya kidato cha nne imempa dakika 10. Ana mambo matatu: taarifa ya mwaka, shukrani kwa wazazi, na ombi la kumalizia bweni la wasichana. Swali lake la kwanza ni urefu wa hotuba, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanapima kwa kurasa. Kurasa mbili za mtu mmoja ni dakika 5, za mwingine ni 9, kutegemea ukubwa wa herufi na mwendo wa mdomo. Kipimo cha kuaminika ni idadi ya maneno anayoyatamka kwa dakika yeye mwenyewe.

Vitabu vya Kiingereza kuhusu hotuba hutaja maneno kati ya 130 na 150 kwa dakika. Takwimu hiyo haitufai. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendewa kwa pamoja, kwa hiyo maneno yetu ni marefu na idadi yake kwa dakika ni ndogo. Anayeandika maneno 1,400 akitegemea kuyamaliza kwa dakika 10 atajikuta bado yuko katikati mshereheshaji akishamfikia.

Kupima si kazi kubwa. Mwenyekiti achukue hotuba yake mwenyewe, si gazeti, asimame, afungue saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, na asome kwa sauti ile ile atakayoitumia uwanjani. Aanzie ukurasa wa pili, maana mwanzoni kila mtu hukimbia. Baada ya dakika 3 asimame na kuhesabu alikofika. Tuseme amesoma maneno 330. Mwendo wake ni 110 kwa dakika. Kusoma kimya kimya, au kwa kunong'ona kitandani, hakupimi kitu, kwa kuwa macho ni mepesi kuliko ulimi.

Hesabu hiyo bado ni ya sebuleni. Chini ya maturubai, sauti inatoka kwenye spika mbili kubwa na kurudi kutoka kwenye ukuta wa madarasa, na msemaji asiposubiri mwangwi upite, neno linalofuata linagongana nao. Kwa hiyo mwenyekiti apunguze mwendo wake hadi maneno 100 kwa dakika. Kama kuna video ya mahafali ya mwaka jana aliyozungumza yeye, aitazame na kuhesabu humo; hakuna kipimo bora kuliko hicho.

Tarakimu nazo zina hila yake. Kompyuta huhesabu 1,475,000 kuwa neno moja, lakini mdomoni ni milioni moja, laki nne na sabini na tano elfu, yaani maneno tisa. Taarifa ya michango yenye viwango kumi vya namna hiyo inaongeza maneno 80 yasiyoonekana kwenye hesabu, karibu dakika nzima. Dawa ni kuyaandika kwa maneno kabla ya kuhesabu, au, na hili ndilo ningelipendekeza, kusema karibu milioni moja na nusu na kumwachia mhasibu makabrasha yake.

Sasa dakika 10 zenyewe. Si zote ni za hotuba. Kutembea hadi kwenye kipaza sauti, kukirekebisha, salamu za dini zote na kuwataja walioko meza kuu hula dakika 1, hata kwa anayejua kukatisha kwa kusema itifaki imezingatiwa. (Wapo wanaosema itifaki imezingatiwa kisha wakaanza kumtaja kila mmoja kwa cheo. Hao hawasaidiwi na saa yoyote.) Makofi na vigelegele vitachukua nusu dakika. Nusu nyingine iwe akiba isiyoguswa. Zinabaki dakika 8, na kwa mwendo wa 100 hayo ni maneno 800.

Mwenyekiti anayagawa hivi: utangulizi maneno 100, taarifa ya mwaka 250, ombi la bweni 150, na maneno ya kuagana na wahitimu 100. Jumla ni 600, na hizo ndizo sehemu zisizoguswa. Maneno 200 yaliyobaki, sawa na dakika 2, ni sehemu ya kunyumbuka, na inakaa katikati, baada ya taarifa na kabla ya ombi. Wengi huiweka mwishoni, wakidhani kukiwa na haraka wataikata tu. Matokeo yake ni kwamba siku muda ukibana wanakata ombi na maagizo kwa wahitimu, yaani yale waliyokuja kuyasema, kwa sababu ndiyo yaliyo mwishoni.

Ndani ya sehemu hiyo kuna vipande vitatu: kisa cha kisima kilichochimbwa mwaka huu, maneno 100, shukrani kwa wazazi waliojitolea kufyatua matofali, maneno 50, na matokeo ya mtihani wa majaribio, maneno 50. Kila kipande kinajitegemea. Sentensi ya mwisho ya taarifa ya mwaka lazima iungane vizuri na sentensi ya kwanza ya ombi hata vipande vyote vitatu vikiruka, na hili hujulikana kwa kusoma kwa sauti bila vipande hivyo. Kama ombi linaanza na maneno kama "maji hayo tuliyoyataja", hotuba imefungwa na kisima na hakiwezi tena kuondolewa. Msikilizaji atashangaa ni maji gani. Hapo mwenyekiti hana budi kuandika upya sentensi hiyo.

Kinachobaki ni kujua lini ukate, na uamuzi huo haufanywi mbele ya watu 600 kwa hesabu za kichwani. Unafanywa nyumbani. Saa ya simu ianze kuhesabu mwenyekiti anapoinuka kitini. Mambo yakienda sawa, atafika kwenye mlango wa sehemu ya kunyumbuka saa ikisoma 4:30. Sehemu zisizoguswa zilizobaki, pamoja na makofi na akiba, zinahitaji dakika 3 na nusu, hivyo zimebaki 2 kamili kwa vipande vyote. Pembeni mwa karatasi, kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa, aandike: hadi 4:30, vyote, hadi 5:00, kisima na matofali, hadi 5:30, kisima peke yake, hadi 6:00, matofali tu, baada ya hapo, ruka vyote. Kuna kipande cha nusu dakika ambacho kimekuwa cha kwanza kukatwa, nacho ni matokeo ya majaribio, kwa kuwa wazazi watayaona ubaoni.

Tuseme siku imefika. Taarifa ya mwaka inataja ufaulu wa somo la hisabati, kina mama wanapiga vigelegele, mmoja anainuka kumtunza mwalimu wa somo, na mwenyekiti anafika mlangoni saa ikisoma 5:40. Amechelewa dakika 1 na sekunde 10. Anatupa jicho kwenye wino mwekundu, anawashukuru wafyatua matofali kwa nusu dakika, anaingia kwenye ombi. Atamaliza kwenye 9:10 kama makofi ya mwisho hayakurefuka, na hakuna aliye chini ya turubai anayejua kwamba kuna kisa cha kisima kilichobaki kwenye karatasi. Akifika mapema, tuseme 4:00, asiongeze kitu. Nusu dakika ya ziada huliwa yenyewe na makofi.

Wengi wakiona wamechelewa hawakati, wanakimbiza. Hesabu inaonyesha kwa nini hiyo ni biashara mbaya. Maneno 400 kwa mwendo wa 100 ni dakika 4. Kwa mwendo wa 120 ni dakika 3 na sekunde 20. Mtu amejitesa kwa faida ya sekunde 40, wakati kuacha kisa kimoja kungempa 60 bila kubadili pumzi. Anayekimbiza hutambulika: silabi za mwisho za maneno zinamezwa, pumzi inavutwa katikati ya sentensi badala ya mwisho wake, na wanafunzi wa safu za nyuma wanaanza kupiga soga kwa sababu mwangwi umeshayala maneno.

Kuna wazungumzaji wasiosoma karatasi kabisa, na pengine hao ndio bora zaidi. Kwao kuhesabu maneno hakuna maana. Wanachopaswa kupima ni dakika za kila sehemu: kuisema sehemu moja mara kadhaa huku simu ikirekodi, na kuandika ile mara iliyochukua muda mrefu kuliko zote, si wastani. Anayezungumza bila karatasi huongeza maneno uwanjani, ni nadra apunguze. Mengine yote yanabaki vile vile, pamoja na wino mwekundu kwenye kadi ndogo kiganjani.

Mfumo huu una mpaka wake. Sehemu ya kunyumbuka ya dakika 2 huokoa mtu aliyepunguziwa dakika 2. Haimwokoi aliyeambiwa na mshereheshaji, akiwa tayari ameinuka, kwamba mgeni rasmi ana safari na kwa hiyo ziwe dakika 5. Ratiba za mahafali huvunjika hivyo kila mwaka, kwa hiyo chapisha karatasi ya pili na uiweke mfukoni: utangulizi, ombi la bweni na kuagana na wahitimu, maneno 350, dakika 3 na nusu, na zilizobaki ni za itifaki na makofi, akiba hapa haipo. Taarifa ya mwaka mkabidhi mkuu wa shule aibandike ubaoni. Na kabla ya kuketi meza kuu, mwulize mshereheshaji jambo moja: je, dakika hizo 10 zinahesabiwa tangu anapokutambulisha, au tangu unapofungua mdomo?