Bawasiri na Damu Katika Choo

Kuna ugonjwa ambao watu wanauficha kwa haya, kwa sababu uko mahali ambapo hawapendi kuonyesha. Tumfikiri dereva mmoja wa lori anayepita njia ya Butembo, Beni na Kasindi. Anaketi mchana kutwa. Kule Kasindi jua ni kali, lakini yeye anakunywa maji kidogo ili asisimame njiani. Anakula bugali wa muhogo na nyama, na mboga ni kidogo sana. Haja ikimjia, anaizuia mpaka afike mpakani. Siku ya tatu choo ni kigumu kama mawe, anajikaza kwa nguvu, na damu nyekundu inadondoka. Je, amepatwa na nini?

Kila mtu ana mito laini ya mishipa ya damu katika njia ya haja kubwa. Mtu akijikaza mara nyingi, mito hiyo inajaa damu, inavimba na kushuka. Hiyo ndiyo bawasiri. Wanawake wenye mimba wanaipata pia. Bawasiri ya ndani hutoa damu nyekundu safi, na kwa kawaida haiumi. Ikiwa kuna uvimbe mgumu wa rangi ya buluu ukingoni, wenye maumivu makali ya ghafula, basi damu imeganda ndani yake. Mwone daktari katika siku 3 za kwanza, maana wakati huo anaweza kuitoa. Baadaye maumivu hupungua yenyewe polepole. Lakini ukisikia kama kisu kinakata wakati wa kwenda choo, labda ngozi imepasuka.

Dawa ya kwanza ni kulainisha choo. Dereva wetu aongeze maharagi, lengalenga, sombe, papai na maembe. Vyakula hivi vina nyuzinyuzi zisizoyeyuka tumboni. Zinashika maji na kufanya choo kiwe kikubwa na laini. Aanze na kidogo, kisha aongeze kila siku chache, asije akajaa hewa tumboni. Tena anywe maji safi, lita 2 hivi kwa siku, na zaidi akitoka jasho jingi. Nyuzinyuzi bila maji zaweza kuzidisha ugumu. Haja ikimjia, aende mara moja, asijikaze, wala asikae chooni muda mrefu.

Dawa ya pili ni kuketi katika maji ya uvuguvugu. Osha beseni pana kwa sabuni. Chemsha maji, uyachanganye na maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha uyapime kwa kiwiko. Yakikuchoma, ni ya moto mno. Keti humo dakika 10 mpaka 15, mara 2 au 3 kwa siku, hasa baada ya haja. Halafu jikaushe kwa kugusa taratibu, bila kusugua. Maji hayo hayaondoi bawasiri. Yanalegeza msuli uliokaza, na maumivu yanapungua. Chumvi si lazima. Usitie dawa kali ya kuua vijidudu, wala usijipige bomba la pilipili au majani makali, kwa maana yanaunguza utumbo.

Ukifanya hivyo wiki moja na damu ingali inatoka, nenda ukapimwe. Hata ikikoma, usijiambie tu kwamba ni bawasiri, kwa sababu kansa ya utumbo nayo hutoa damu. Mwone daktari upesi ikiwa damu imechanganyika na choo chenyewe, ikiwa choo kimebadilika kwa wiki nyingi, ikiwa unakonda, ikiwa umepita miaka 40, au ikiwa ndugu wa damu alipata kansa hiyo. Damu pamoja na ute na kuhara huenda ni amiba au kuhara damu.

Usingoje hata siku moja ikiwa damu ni nyingi, choo ni cheusi kama lami, unasikia kizunguzungu, viganja vimepauka, uvimbe uliotoka haurudi na unauma sana, au mkojo umezuilika. Bawasiri haileti homa. Watu wa Beni na Butembo wanakumbuka Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020. Basi ukiwa na homa na kutoka damu, mwambie mganga mara tu ufikapo, kabla hajakugusa.

Kupimwa si jambo la kutisha. Unalala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, umefunikwa shuka. Daktari anavaa glavu, anapapasa kwa kidole, na pengine anatazama kwa mrija mfupi. Ni dakika chache tu. Yule dereva akificha damu yake mwaka mzima, atafika amepungukiwa na damu. Na kama ni kansa, itakuwa imeenea. Akija mapema, pengine atarudi nyumbani na beseni na maharagi tu.