Jedwali linaloamua pigo katika Pokémon

Katika Pokémon, mchezo uliotoka Japani mwaka 1996, kila kiumbe kina aina moja au mbili, kama vile moto, maji au umeme. Kila shambulio nalo lina aina yake. Leo aina ziko 18, na jedwali huonyesha kila aina ya shambulio inavyoathiri kila aina ya kiumbe: madhara huzidishwa kwa 2, kwa 1, kwa nusu au kwa sifuri.

Mtazame Gyarados, joka kubwa la buluu lenye aina mbili, maji na kuruka. Umeme una nguvu mara 2 dhidi ya maji na mara 2 dhidi ya kuruka. Namba hizo huzidishwa, kwa hiyo pigo la umeme humuumiza mara 4. Shambulio la majani ni mara 2 kwa maji lakini nusu kwa kuruka, hivyo hubaki la kawaida. La ardhi halimgusi kabisa, kwa sababu kwa kuruka ni sifuri.

Wengi huangalia aina ya kiumbe kinachoshambulia. Kinachosomwa kwenye jedwali ni aina ya shambulio lenyewe, basi anza na hiyo.