Anzia Kwenye Nukta

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mantiki ya dijitali akipewa namba ya binari 1101011 aigeuze kuwa heksadesimali, mara nyingi huipitisha kwanza kwenye desimali: anapata 107, kisha anagawanya kwa 16. Jibu litapatikana, ila safari ni ndefu bila sababu. Biti zenyewe zinaweza kusomwa moja kwa moja.

Siri iko kwenye vipeo vya mbili. Kwa kuwa 16 ni 2×2×2×2, biti nne hutoa tarakimu moja kamili ya heksadesimali, kuanzia 0000 hadi 1111. Ndani ya fungu, thamani za nafasi ni 8, 4, 2 na 1. Kumi hadi kumi na tano huandikwa kwa herufi A hadi F. Oktali inatokana na 2×2×2, hivyo fungu lake lina biti tatu, zenye thamani 4, 2 na 1.

Mafungu huhesabiwa kutoka kulia. Namba yetu inakuwa 110 na 1011. Fungu la kushoto linaongezewa sifuri mbele, 0110. La kwanza ni 6, la pili ni 8+2+1, yaani 11, au B. Jibu ni 6B. Kwa oktali tunapata 001, 101 na 011, yaani 153.

Anayeanzia kushoto atakata 1101 na 011, na kuandika D3. Kosa hili hujifichua: D3 ni 211, ilhali biti saba haziwezi kuzidi 127.

Sehemu ya desimali inageuza mwelekeo. Hapo mafungu huanzia kwenye nukta kwenda kulia, na sifuri za kujazia huwekwa mwishoni. Chukua 101.11, ambayo ni 5.75. Kulia kwa nukta, 11 inakuwa 1100, na jibu la heksadesimali ni 5.C, kwa sababu 12 kwa 16 ni robo tatu. Ukiweka sifuri mbele utapata 0011 na kuandika 5.3, ambayo ni 5.1875 tu. Kwa oktali, 11 inakuwa 110, na jibu ni 5.6.

Kutoka heksadesimali kwenda oktali, binari ndiyo daraja. B4 inafunguka kuwa 1011 na 0100. Ziunganishe ziwe 10110100, kisha uzikate upya kwa tatu kutoka kulia: 010, 110, 100. Jibu ni 264. Tarakimu ya heksadesimali haibadilishwi peke yake kuwa ya oktali, kwa maana mipaka ya mafungu ya nne na ya tatu haikutani kila mara.

Kabla ya kukabidhi jibu, mwanafunzi afungue kila tarakimu irudi kuwa biti. Zikiondolewa sifuri za kujazia, lazima ibaki namba ileile aliyoanza nayo.