Kwa Nini Ukosefu wa Ajira Hauishi

Tuchukue mfano wa nguvukazi ya watu 1,000. Kila mwezi asilimia 2 ya walioajiriwa hupoteza kazi, na asilimia 38 ya wasio na kazi huipata. Idadi hutulia wanaotoka wakilingana na wanaoingia: kati ya 950 wenye kazi hutoka 19, kati ya 50 wasio nayo huingia 19. Kiwango cha asili, basi, ni 2/(2+38), yaani asilimia 5.

Upotevu ukipanda hadi asilimia 4, kiwango kinafika 9.5. Upatikanaji ukishuka hadi 19, kinafika 9.5 vilevile! Lakini hali hizi si sawa. Katika ya kwanza mtu husubiri wastani wa miezi 2.6; katika ya pili, 5.3. Kwa hiyo ukisikia kiwango kimetangazwa, uliza pia watu wanasubiri muda gani.