Bei Hukaa Kwenye Shehena: Daftari la Korosho Ndani ya Kompyuta

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi mkulima wa korosho hupeleka mazao yake kwenye chama cha msingi, kinachojulikana zaidi kama AMCOS. Hapo korosho hupangwa daraja la kwanza au la pili, hupimwa, na mkulima hupewa stakabadhi. Baadaye mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, ukasubiri mnada unaosimamiwa na chama kikuu, kama vile TANECU cha Tandahimba na Newala. Minada hufanyika kila wiki wakati wa msimu, na bei hupanda au kushuka kutoka mnada mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo siku korosho inapopimwa, hakuna ajuaye itauzwa shilingi ngapi.

Hapo ndipo hifadhidata nyingi za vyama zinapoharibika. Mtengenezaji huweka jedwali la madaraja lenye safu ya bei, na kila baada ya mnada katibu hufuta bei ya zamani na kuandika mpya. Hesabu inaonekana sawa mpaka mtu atakapofungua tena malipo ya wiki mbili zilizopita, akakuta kompyuta imeyapiga upya kwa bei ya leo. Kuandika tarehe ya kuanza kwa kila bei kunasaidia, lakini hakutoshi, kwa sababu hata katika mnada mmoja kuna bei ya juu na bei ya chini kulingana na ghala na mnunuzi. Bei, basi, haipaswi kufungwa kwenye daraja wala kwenye siku. Mahali pake ni kwenye shehena iliyouzwa.

Muundo unaofaa huanza na jedwali la `mapokezi`: namba ya mkulima, tarehe, daraja, uzito wa jumla, uzito wa magunia na kilo halisi. Kuna jedwali la `shehena`, ambalo kila mstari wake una mnada, daraja na bei. Kati ya hayo mawili hukaa jedwali la `mgawo`, nalo ndilo moyo wa mfumo. Linaonyesha ni kilo ngapi za pokezi fulani ziliingia katika shehena ipi, kwani mzigo wa mkulima mmoja unaweza kugawanyika.

Tuseme mkulima namba 217 ameleta magunia mawili ya daraja la kwanza. Mizani inasoma kilo 162. Ukiondoa kilo moja kwa kila gunia tupu, zinabaki 160. Kilo 100 zinauzwa kwa shilingi 3,400, na 60 zilizobaki zinauzwa wiki inayofuata kwa 3,150. Stahili yake ni 340,000 na 189,000, jumla 529,000. Katika mfumo wa bei inayofutwa angehesabiwa kilo zote 160 kwa 3,150, yaani 504,000. Shilingi 25,000 zake zingepotea bila mtu yeyote kukusudia kuiba.

```sql
SELECT m.mkulima_id, SUM(g.kilo * s.bei) AS stahili
FROM mgawo g
JOIN mapokezi m ON m.id = g.mapokezi_id
JOIN shehena s ON s.id = g.shehena_id
GROUP BY m.mkulima_id;
```

Makato ya ushuru, usafirishaji na ghala huwekwa kwenye jedwali lake, kila kato katika mstari wake, ili mkulima anayeuliza aonyeshwe kila shilingi ilikokwenda. Yakifika, kwa mfano, shilingi 200 kwa kilo, mkulima huyu atakatwa 32,000 na kupokea 497,000. Jedwali la `malipo` hutaja mgawo unaolipwa, na mgawo mmoja hauruhusiwi kuwa na malipo mawili yaliyokamilika. Benki ikirudisha fedha kwa sababu ya kosa katika namba ya akaunti, mstari ule haufutwi. Huandikwa kuwa umerudishwa, kisha unaongezwa mwingine.

Uzito nao una shida yake. Korosho hukauka ikiwa ghalani, na mizani ya ghala kuu inaweza kusoma pungufu kuliko ile ya chama. Kishawishi ni kurudi kwenye `mapokezi` na kupunguza kilo ili hesabu zilingane, jambo ambalo ni kosa kubwa, maana takwimu haitafanana tena na stakabadhi aliyonayo mkulima. Uzito wa ghala kuu uandikwe peke yake na tofauti ionekane kama unyaufu. Unyaufu mdogo unaojirudia katika mizigo yote huelezeka kwa ukavu. Tofauti inayoruka ghafla kwa chama kimoja tu, au kwa gari moja, inahitaji mtu aende kukagua mizani na magunia. Hifadhidata ina uwezo wa kuonyesha mahali kilo zilipopungua, lakini haiwezi kugundua mizani iliyochezewa tangu mwanzo, siku korosho ilipopokelewa.