Chama cha Mwalimu na mwanawe asiyekitaka

Msomaji, huenda umewahi kuyasikia mazungumzo haya sebuleni mwenu. Baba, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Rongo, anamshauri mwanawe ajiunge na chama cha akiba na mikopo, vile ambavyo wengi wetu huviita Sacco. "Mwanangu, ndicho kilichokulipia karo na kuezeka nyumba hii," anasema. Kijana anaitikia kwa heshima, "Ni kweli, Baba," kisha anachukua simu yake na kukopa huko kwa dakika moja.

Kotekote katika iliyokuwa wilaya ya Kusini Nyanza, ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay, vyama vya namna hii vina jina kubwa miongoni mwa wazee. Taabu ni kwamba wanachama wanastaafu na kuondoka na akiba zao, nao vijana hawaji kuchukua nafasi zao. Je, chama kitawavutaje bila kuyatupa yale yaliyokifanya kiaminiwe?

Kwanza tuulize ni yapi hayo. Ni mambo matatu tu. Unaweka akiba kabla ya kukopa. Mkopo wako hauzidi kiasi fulani cha akiba hiyo, kwa kawaida mara tatu, na wenzako wanakudhamini. Tena kila mwanachama ana kura moja katika mkutano mkuu, awe na elfu tano au nusu milioni.

Masharti haya yalikuwa mepesi kwa mwalimu kwa sababu ya kitu kimoja: hati ya mshahara. Tume ya Kuajiri Walimu ilikata malipo ya mkopo kabla mshahara haujamfikia, na sheria iliagiza abakiwe na angalau theluthi moja. Chama hakikuwa na haja ya kumfuata mtu nyumbani.

Sasa mtazame binti anayeuza omena Mbita, au kijana wa bodaboda pale Awendo. Hana hati ya mshahara. Akifika ofisini anaambiwa alete barua ya mwajiri na wadhamini watatu, nao wawe wanachama. Anarudi alikotoka. Angalia vizuri, msomaji: kilichomfukuza ni mlango uliojengwa kwa kipimo cha mwalimu. Kuhusu kuweka akiba hakuulizwa hata neno moja.

Gharama ya kufukuzwa huko ni hii. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa shilingi 10,000, unalipa ada ya shilingi 750 kwa mwezi mmoja. Vyama vingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi, tena juu ya deni lililobaki tu. Shilingi 10,000 hizo hizo, zikilipwa kwa mafungu sawa katika miezi 12, riba yake yote kwa mwaka mzima ni shilingi 650. Kijana anayedhani chama cha baba ni ghali anakimbia bei nafuu.

Basi mlango ubadilishwe vipi? Tumchukue yule binti wa omena, tuseme anaweka shilingi 100 kwa simu, siku sita kwa wiki. Baada ya wiki 26 ana shilingi 15,600. Akitaka kukopa 15,000, hapana sababu ya kumdai mdhamini, kwa kuwa akiba yake mwenyewe inatosha kulilinda deni. Apewe siku hiyo hiyo kwa simu. Akitaka 45,000, zile 30,000 zilizozidi ndizo zinazohitaji wadhamini, na hao waweza kuwa wachuuzi wenzake wanne wa ufuo ule ule, mradi nao wana akiba chamani. Hakuna sharti la zamani lililovunjwa hapo.

Liko jambo lingine ambalo karani aliyezoea mishahara hulisahau. Katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31. Binti akikopa Januari kwa mafungu sawa ya kila mwezi, Aprili atashindwa, na vitabu vitamwandika mkaidi ilhali ni mwaminifu. Chama kinachomjua kitampangia alipe riba peke yake katika miezi hiyo minne, kisha mafungu makubwa kuanzia Agosti. Kwa kumpangia hivyo, chama kitampata yeye na wachuuzi wenzake pia, maana habari za ufuoni husafiri haraka.

Vyama vingine vimeanza na jina. Chama cha walimu wa Kipsigis kikawa Imarisha, cha Murang'a kikawa Mentor, cha Meru kikawa Solution. Sababu inaeleweka, kwani kinyozi hawezi kuingia mahali palipoandikwa "walimu". Lakini jina jipya ni kibao tu. Ikiwa kinyozi ataingia na kudaiwa hati ya mshahara, kibao kimemdanganya, na mwalimu mzee naye ataanza kuuliza chama chake kimeuzwa kwa nani.

Hatari kubwa iko upande wa pili, pale viongozi wanapoona vijana wanapenda haraka, wakaamua kutoa mikopo ya simu bila akiba na bila wadhamini. Mwaka wa kwanza wanachama huongezeka na watu hupiga makofi. Mwaka wa pili madeni hayalipwi, na fedha zilizopotea ni za mwalimu aliyeweka akiba miaka 30. Wengine huwavuta watu kwa kuahidi gawio kubwa. Gawio la haki hutoka katika riba iliyokwisha kulipwa. Ukiona gawio linapanda huku wanaoomba akiba zao wakizungushwa kwa wiki nyingi, jua fedha za wageni ndizo zinazowalipa wenyeji.

Wala hili si la kubuni. Ukaguzi uliotangazwa mapema mwaka 2025 kuhusu KUSCCO, muungano wa vyama hivi nchini, ulionyesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13, na vyama vilivyokuwa vimeweka fedha zake huko vikabaki na hasara mikononi.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma, iwe uko Chuo Kikuu cha Rongo au kazini Nairobi, kabla ya kujiunga tazama kama chama kimo katika orodha ya wenye leseni inayotolewa na SASRA. Uliza fedha zisizokopeshwa zimewekwa wapi. Fahamu pia kwamba hisa hazirudishwi bali huuzwa kwa mwanachama mwingine, na akiba inayodhamini mikopo huipati hadi ujitoe kwa kutoa taarifa mapema, nayo isiwe inashikilia deni la mwenzako.

Nawe mzazi, usimwambie tu mwanao kwamba chama kilikusomeshea. Mkutano mkuu ujao nenda naye. Kisha simama uulize kwa nini mtu mwenye akiba ya shilingi 15,600 adaiwe mdhamini anapotaka 15,000. Kura unayo, na hadi vijana watakapojiunga, ni yako itakayowafungulia mlango.