Sentensi Moja Kuhusu Picha

Mwenye duka amepiga picha ukurasa wa daftari la madeni. Kabla ya kuituma kwenye programu ya akili unde, anauliza kama programu hiyo inaweza kushughulikia picha. Anataka jibu fupi, na hapo ndipo modeli nyingi huteleza.

Kosa la kwanza ni kujibu kwa mazoea kwamba modeli ni ya maandishi tu. Zamani ilikuwa kweli. Lakini GPT-4 ilitangazwa Machi 2023 ikiwa na uwezo wa kupokea picha, na Claude 3 ikaja na uwezo huo Machi 2024. Kwa kuwa modeli hujifunza kutokana na maandishi ya nyuma, inaweza kujieleza kama ndugu zake wakubwa walivyokuwa.

Kosa la pili ni kusema "ndiyo" ya jumla. Kusoma picha ni kazi moja, kutengeneza picha ni nyingine. Claude 3 ilisoma picha bila kuweza kuzitengeneza. ChatGPT ilianza kutengeneza picha kwa kuunganishwa na modeli nyingine, DALL-E 3, mwaka 2023. Jibu basi hutegemea pia programu imeunganishwa na nini.

Kwa modeli inayosoma bila kutengeneza, sentensi inayofaa ni hii: "Naweza kusoma picha utakayonitumia, ingawa naweza kukosea maandishi madogo na idadi ya vitu vilivyosongamana, hapa siwezi kutengeneza picha, ila naweza kuandika msimbo wa SVG wa mchoro rahisi."

Neno "hapa" lina kazi kubwa. Linafunga dai kwenye programu hii, maana modeli hiyohiyo ikipewa chombo cha kuchorea kwingine, jibu litabadilika. SVG nayo imetajwa kwa sababu ni maandishi yanayoamuru duara liwe wapi na mstari upite wapi. Kivinjari ndicho kinachochora.

Onyo la maandishi madogo lina sababu yake. Mwongozo wa Claude 3 ulieleza kwamba picha yenye upande mrefu unaozidi pikseli 1,568 hupunguzwa kabla ya kusomwa. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4,000 ikipunguzwa hivyo, tarakimu yenye kimo cha pikseli 20 hubaki na kama 8. Saba na moja zinaanza kufanana, na deni la 7,000 linasomwa 1,000. Mwenye duka akilijua hilo, atapiga picha nusu ukurasa kwa wakati mmoja, kisha atalinganisha jumla na daftari lenyewe.

Kuongeza "huenda nikakosea" peke yake kusingemsaidia, kwani hakumwonyeshi pa kuangalia.

Na kama picha imekwama mtandaoni isifike, sentensi yote hiyo iwekwe kando. Inayohitajika ni: "Sioni picha katika ujumbe huu, tafadhali itume tena."